Kodeini na Tramadoli kwa Watoto: Kwa Nini Kipimo cha Uzito Hakitoshi



Mwaka 2009 madaktari wa Kanada walichapisha habari za mtoto wa miaka 2 mwenye kilo 13, aliyekuwa akikoroma na pumzi kumkatika usingizini. Alifanyiwa upasuaji wa mafindofindo, ukaenda salama, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Aliandikiwa dawa ya maji: kodeini miligramu 10 hadi 12.5 pamoja na parasetamoli miligramu 120, kila baada ya saa 4 hadi 6. Jioni ya pili alipata homa na kifua kikaanza kutoa mlio. Asubuhi yake alikutwa amefariki.

Tupige hesabu. Miligramu 12.5 kwa kilo 13 ni pungufu kidogo ya miligramu 1 kwa kilo, kiwango kilichokuwa cha kawaida vitabuni. Hata hivyo, damu yake ilikutwa na mofini nyingi kupita kiasi. Imetoka wapi, naye hakupewa mofini?

Ini ndilo linalopima dozi

Kodeini yenyewe hutuliza maumivu kidogo sana. Nguvu yake hupatikana ini linapogeuza sehemu ndogo ya dawa, kwa kawaida kama asilimia 10, kuwa mofini. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya CYP2D6. Wapo watu waliorithi nakala za ziada za jeni yake, na ini lao hutoa mofini kwa kasi na kwa wingi. Mtoto yule alikuwa mmoja wao. Wengine kimeng'enya chao hakifanyi kazi: hao wanameza kodeini na maumivu yanabaki palepale.

Jirani zetu wanahusika sana. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta karibu watu 3 katika kila 10 wana nakala hizo za ziada, wakati Ulaya Kaskazini ni 1 au 2 katika 100. Mtoto hana dalili ya nje inayoonyesha yuko kundi gani, na kipimo cha jeni hakifanyiki kabla ya upasuaji wa kawaida.

Tramadoli hupita njia ileile. CYP2D6 huigeuza kuwa kemikali yenye nguvu zaidi ya kiopioidi kuliko dawa yenyewe. Ufaransa, mtoto wa miaka 5 aliyepewa miligramu 20 tu baada ya upasuaji wa mafindofindo alifikishwa hospitali hajitambui. Naye alikuwa na nakala za ziada. Alipona baada ya kupewa naloksoni. Tramadoli huweza pia kuleta degedege.

Mtoto wa mafindofindo yuko hatarini zaidi kwa sababu koo limevimba, na ambaye pumzi zimekuwa zikikatika usiku kwa muda mrefu huathiriwa zaidi na opioidi. Ndiyo maana Marekani mwaka 2013 ilikataza kodeini baada ya upasuaji huu kwa walio chini ya miaka 18. Mwaka 2017 ikakataza kodeini na tramadoli kwa wote walio chini ya miaka 12, na ikaonya mama anayenyonyesha asitumie, kwani dawa hupita kwenye maziwa.

Tuandike nini badala yake?

Turudi kwa mtoto wa kilo 13. Parasetamoli aliyoandikiwa ilikuwa miligramu 9 tu kwa kilo. Kwa miligramu 15 kwa kilo angepata 195, yaani takriban mililita 8 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Ibuprofeni, miligramu 10 kwa kilo, ni 130: mililita 6.5 za ile yenye miligramu 100 katika mililita 5, kila saa 8. Zote mbili zitolewe kwa saa zilizopangwa siku za mwanzo, bila kungoja mtoto alie. Ibuprofeni tusimpe aliyepungukiwa maji, mwenye ugonjwa wa figo au anayeshukiwa kuwa na dengi.

Maumivu yakizidi hapo, tusirudi kwenye kodeini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 liliiondoa kwenye ngazi za tiba kwa watoto: kutoka parasetamoli na ibuprofeni tunapanda moja kwa moja hadi mofini. Mofini haihitaji CYP2D6 kuipa nguvu, hivyo dozi tunayopima ndiyo tunayoijua. Nayo hupunguza pumzi. Kwa mtoto anayekoroma tuanze na dozi ndogo, wodini, tukihesabu pumzi na naloksoni ikiwa karibu.

Mapendekezo

Kwanza, kodeini na tramadoli ziondolewe kwenye fomu za kuruhusu watoto, na mfamasia arudishe cheti kilichoandikwa dawa hizo. Pili, kabla ya upasuaji mzazi aulizwe kama mtoto hukoroma au pumzi humkatika. Tatu, mzazi aliyekwisha kumpa mtoto dawa hizo aelezwe dalili: usingizi ambao haamshiki, pumzi za polepole au za kukatika, mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano. Akiziona, asimpe dozi nyingine, na amkimbize hospitali usiku huohuo.