Kwaruza Kabla ya Kulipa: Jinsi Chapa ya Mbegu Inavyolindwa dhidi ya Ghushi

Hotuba kwa wakulima, wenye agroveti na vikundi vinavyofungasha bidhaa zao



Mkulima wa mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu kwa ekari moja, yaani pakiti 5 za kilo 2. Akiuziwa mbegu ghushi, hatajua siku hiyo wala wiki ile. Atajua mahindi yakishatoka ardhini, mengine marefu na mengine mafupi, mengine yakichanua mapema na mengine hayajaanza. Wakati huo mbolea imeshazikwa, vibarua wameshalipwa na mvua imeshapita. Fedha za pakiti zaweza kurudishwa, lakini msimu haurudishwi. Kampuni yenye jina lililochapishwa kwenye pakiti nayo hupata hasara, kwa kuwa mkulima atailaumu yeye, ingawa haikufungasha mbegu zile. Mwaka ujao atakwenda kwingine, na majirani zake watamfuata.

Ili kujua namna ya kulinda chapa, ni vyema kwanza kuelewa kazi ya mghushi. Mghushi wa mbegu hana shamba la kuzalishia mbegu. Hununua mahindi ya kawaida sokoni, yale ya kusaga, kisha huyapaka rangi yafanane na mbegu zilizotiwa dawa. Huyafunga katika pakiti iliyochapishwa kwa kuigiza ile halisi, au katika pakiti halisi iliyookotwa baada ya msimu wa kupanda. Punje alizonunua kwa bei ya chakula huziuza kwa bei ya mbegu. Chapa anayoichagua ni ile inayopendwa, kwa sababu chapa isiyojulikana haina faida kwake.

Wakulima wengi hudhani kwamba jicho na maji vinatosha kuwatambulisha mbegu halisi. Wengine hulowesha punje, na rangi ikitoka husema ni ghushi. Lakini dawa ya mbegu halisi pia yaweza kutoa rangi majini. Wengine huotesha punje chache kwenye kitambaa chenye unyevu. Mahindi ya kusaga yasiyozeeka huota vizuri tu. Tofauti iko ndani ya punje. Mbegu chotara hutokana na kuchavusha kwa makusudi mistari ya wazazi iliyochaguliwa, na nguvu yake huonekana katika kizazi cha kwanza. Punje za mavuno yake zikipandwa tena, nguvu hiyo hupungua na mimea haifanani. Hakuna mtu awezaye kuliona hilo akiwa dukani. Ndiyo maana ukweli wa mbegu lazima usemwe na pakiti na alama iliyo juu yake.

Kinga ya kwanza basi ni pakiti yenyewe. Picha nzuri na rangi za kuvutia humsaidia mteja kuitambua chapa haraka, lakini hazimzuii mghushi, kwa kuwa mashine iliyochapisha ya kwanza yaweza kuchapisha ya pili. Kinachomsumbua ni pakiti isiyoweza kufunguliwa bila kuacha kovu. Mshono au gundi ya pakiti halisi huwa imenyooka na iko sawa juu na chini. Pakiti iliyofunguliwa ikajazwa upya mara nyingi huonyesha mikunjo miwili mahali pamoja, matundu ya uzi wa zamani, au gundi iliyomwagika pembeni. Mnunuzi aangalie chini ya pakiti pia, maana wengi hutazama juu tu na mghushi anajua hivyo. Na mkulima akimaliza kupanda, aikate pakiti vipande badala ya kuitupa ikiwa nzima. Pakiti nzima iliyotupwa ni mali kwa mghushi.

Kinga ya pili ni alama ya uhalisi. Hapa Kenya, pakiti za mbegu zilizoidhinishwa huwekwa kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea na ubora wa mbegu. Kibandiko hicho kina sehemu ya kukwaruza, kama zile kadi za kuweka salio kwenye simu. Chini yake mna namba ya siri. Mnunuzi huikwaruza, huandika namba hiyo katika ujumbe mfupi na kuituma kwa 1393. Jibu humjia likimwambia kama namba hiyo inatambulika na mbegu hiyo ni ya nani.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona jibu limekuja, hufurahi na kulipa bila kulisoma. Jibu lina faida pale tu linapolinganishwa na pakiti iliyo mkononi. Tuseme mkulima ameshika pakiti iliyoandikwa H614D, aina ya mahindi ya nyanda za juu. Asome jina la kampuni kwenye jibu, kisha kwenye pakiti. Asome aina ya mbegu kwenye jibu, kisha kwenye pakiti. Amalize na namba ya fungu, yaani ile inayoonyesha mbegu hizo zilipimwa na kufungashwa pamoja na zipi. Jibu likitaja aina ya ukanda wa chini wenye joto ilhali pakiti inasema H614D, kibandiko kimetolewa kwenye pakiti nyingine. Namba ni ya kweli, lakini pakiti si yake. Mkulima huyo asilipe.

Zaidi ya hapo, kila pakiti ina namba yake. Anayenunua pakiti 5 akikwaruza moja tu, amethibitisha moja tu. Pakiti 4 zilizobaki zaweza kuwa zimechanganywa katikati ya rafu. Tena kibandiko ambacho tayari kimekwaruzwa kisikubaliwe, hata kama muuzaji anaeleza kwamba alikuwa anahakikisha mwenyewe. Namba iliyokwisha kuonekana yaweza kunakiliwa kwenye pakiti nyingi. Muuzaji mwaminifu hujihakikishia kwa njia nyingine: hununua kwa msambazaji anayetambuliwa na kampuni, hudai ankara yenye namba za mafungu, na huihifadhi pamoja na leseni yake ya kuuza mbegu kutoka KEPHIS.

Kibandiko nacho kina mpaka wake. Kinathibitisha namba, hakioni ndani ya pakiti. Pakiti ikifunguliwa chini, mbegu zikatolewa na mahindi ya kusaga yakaingizwa, namba itajibu vyema kama kawaida. Kwa hiyo kukwaruza bila kuchunguza mshono ni kazi nusu, na kuchunguza mshono bila kukwaruza ni nusu nyingine.

Kinga ya tatu ni elimu kwa wateja, na hii ndiyo hupuuzwa zaidi. Kibandiko ambacho hakuna anayekikwaruza hakimlindi mtu. Mghushi hahitaji hata kuigiza namba ikiwa anajua wateja wataangalia tu kama kuna kibandiko. Elimu inayofaa hutolewa wiki chache kabla ya mvua, wakati mkulima anapanga kununua. Hutolewa pale anaponunulia, pakiti halisi ikiwa mezani, naye akikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Humfundisha tendo moja analoweza kulikumbuka: geuza, kwaruza, tuma, linganisha, ndipo ulipe. Orodha ya alama 10 ndogondogo kwenye karatasi husahaulika kabla ya kufika nyumbani.

Mwenye chapa ajihadhari na mambo mawili anapotoa elimu hiyo. La kwanza, asitangaze kwamba bidhaa yake inaghushiwa bila kueleza papo hapo jinsi ya kuitambua halisi. Mteja akibaki na hofu peke yake, ataikimbia chapa yenyewe. La pili, asibadilishe sura ya pakiti kimyakimya. Akifanya hivyo, pakiti halisi mpya itashukiwa kuwa ghushi, na zile za zamani zilizobaki madukani zitashukiwa pia. Awaonyeshe wateja sura zote mbili, na aseme hadi tarehe gani ya zamani itaendelea kuuzwa.

Haya hayahusu kampuni kubwa za mbegu pekee. Kikundi kinachofungasha asali katika kaunti hii chaweza kutumia mpango uleule kwa gharama ndogo. Mfuniko uwekewe utepe wa plastiki unaokatika chupa inapofunguliwa. Kila chupa ipewe namba ya fungu, na daftari la kikundi lionyeshe fungu hilo lilikamuliwa lini, chupa ngapi zilijazwa na ziliuzwa kwa duka gani. Namba ya simu ya kikundi iwe kwenye lebo. Mteja akipiga na kutaja fungu ambalo halimo daftarini, au fungu lililopelekwa mji mmoja likionekana mji mwingine, kikundi kimepata habari ya kwanza kuhusu mghushi na mahali pa kuanzia kutafuta. Bila daftari, namba iliyo kwenye chupa ni pambo tu.

Jina na nembo navyo viandikishwe kama alama ya biashara katika KIPI, taasisi inayosimamia haki miliki za viwanda. Kwanza hufanywa upekuzi ili kujua kama kuna mwingine mwenye alama inayofanana. Ombi hutaja kundi la bidhaa: asali iko kundi la 30, mbegu za kupanda kundi la 31. Likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Alama ikishaandikishwa hulindwa kwa miaka 10, na huweza kuhuishwa tena. Cheti hicho ndicho humwezesha mwenye chapa kuthibitisha kwamba haki iliyovunjwa ni yake anapopeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Chini ya sheria ya mwaka 2008, anayepatikana na hatia mara ya kwanza aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo, au vyote viwili.

Mnunuzi naye anapogundua pakiti yenye shaka, asiitupe kwa hasira wala asiimwage. Aitunze pamoja na mbegu zilizomo, kibandiko, risiti na jibu la simu, asifute. Apeleke taarifa kwa KEPHIS au kwa afisa wa kilimo wa wadi siku hiyohiyo, maana pakiti nyingine za fungu hilo huenda bado ziko rafuni zikimsubiri jirani. Na mbegu zilizotiwa dawa, za kweli au za kughushi, zisioshwe na kuliwa wala kupewa kuku.

Msimu ukikaribia na foleni zikawa ndefu katika agroveti, kukwaruza pakiti 5 na kusoma majibu yake kutachukua dakika chache kaunta. Wenye maduka wanaombwa kuwapa wateja nafasi hiyo kabla ya kupokea fedha.