Diski Imefungwa, Ufunguo Unajitoa Wenyewe

Nimechoka kusikia neno moja. Mtu kaibiwa laptopu kwenye basi, ndani yake kuna mishahara ya wafanyakazi na nakala za vitambulisho vya wateja, ukimpa pole anakujibu, "Haidhuru, diski ilikuwa na BitLocker." Mwingine anaongeza, "Na PIN ninayo." PIN ipi? Ile ya kuingilia Windows? Hiyo unaulizwa wakati diski imeshafunguka!

Sikilizeni jinsi inavyokwenda asubuhi unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Ndani ya mashine kuna chipu iitwayo TPM, nayo ndiyo inayotunza ufunguo wa diski. Chipu hiyo inakagua programu za mwanzo za kuwasha mashine, na ikiona hazijabadilishwa, inatoa ufunguo. Haimuulizi mtu jina wala namba. Ni sawa na mlinzi anayekagua kama geti ni lilelile, kisha anamkabidhi ufunguo yeyote aliyesimama mbele yake. Mwizi akiwasha laptopu yako, ufunguo unatoka vilevile kama unavyotoka kwako.

Utasema, basi atakwama kwenye nywila ya Windows. Hakwami. Katika mashine nyingi TPM ni chipu ya peke yake, na ufunguo unasafiri kwenye vijia vya umeme vya ubao kuelekea prosesa ukiwa wazi. Mwaka 2024 mtafiti anayejiita stacksmashing alionyesha kwa video jinsi alivyounasa njiani kwenye laptopu ya zamani ya Lenovo kwa kutumia Raspberry Pi Pico, kifaa cha dola chache, na hakumaliza hata dakika moja. Kuna walio na TPM ndani ya prosesa ambao sasa wanapumua. Msipumue. Mwishoni mwa mwaka huohuo mtafiti Thomas Lambertz alionyesha njia nyingine, iitwayo bitpixie, isiyohitaji bisibisi. Inatumia programu ya zamani ya Windows ya kuwashia mashine na kuchota ufunguo kwenye kumbukumbu.

Dawa ni PIN inayoulizwa kabla Windows haijaanza kabisa. Ukiiweka, TPM haitoi kitu mpaka ipewe namba. Na usidhani mwizi atakaa akibahatisha: kwa Windows, TPM 2.0 hufunga mlango baada ya makosa 32, halafu husamehe kosa moja kila dakika 10. Hayo ni majaribio 144 kwa siku. Namba ya tarakimu sita ina michanganyiko milioni moja, na kuimaliza yote kunachukua kama miaka 19. Ya tarakimu nne ingeisha kwa siku 70 hivi. Lakini ukiweka tarehe yako ya kuzaliwa, na kitambulisho chako kiko ndani ya begi lilelile, hesabu hiyo yote umeitupa.

Chukueni kalamu. Hii ni kwa wenye Windows Pro. Toleo la Home halina mpangilio huu. Kwanza hakikisha ufunguo wa dharura, ule wa tarakimu 48, umeuandika na kuuacha nyumbani. Nimeona watu wameubandika chini ya laptopu! Kisha fungua `gpedit.msc`, nenda kwenye sehemu ya BitLocker, upande wa `Operating System Drives`, uwashe `Require additional authentication at startup`. Halafu fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

```
manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN
manage-bde -protectors -get C:
```

Amri ya pili ndiyo wengi wanaiacha, na ndiyo inayokwambia ukweli. Katika orodha unatakiwa uone `TPM And PIN` pamoja na ufunguo wa dharura. Ukiona bado kuna mstari wa `TPM` peke yake, mlango wa zamani uko wazi na PIN yako ni pambo. Uondoe:

```
manage-bde -protectors -delete C: -Type TPM
```

Kisha zima, washa. Usipoulizwa namba kabla ya Windows, hujamaliza kazi.

Sasa tabia inayoniudhi kuliko zote: kufunga kifuniko na kuondoka. Laptopu iliyolala ina ufunguo kwenye kumbukumbu yake, na ikiamka haiulizi PIN ya diski. Umefanya yote niliyosema, kisha umepanda basi na mashine iliyokwisha funguliwa! Kabla ya kutoka ofisini, izime kabisa au uiweke kwenye `Hibernate`, na usiitie begini mpaka taa yake imezimika.