"Aflatoksini" Tuiite Nini?



Nimeombwa nizungumzie neno moja tu katika ripoti ya mahindi tunayoiandaa kwa wananchi: aflatoksini. Rasimu ya kwanza ilisema, "viwango vya aflatoksini visizidi sehemu 10 kwa kila bilioni." Ni kweli, hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya. Lakini mama anayeanika mahindi uani ataifanyia nini sentensi hiyo?

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuandike "mahindi yaliyooza". Ni maneno mepesi, ila yatapotosha. Mtu akisikia yameoza atachambua mabovu, aoshe yaliyobaki, ayapikie githeri na kujiona salama. "Mahindi yenye ukungu" yana shida iyo hiyo. Ukungu huonekana, sumu haionekani. Punje safi kwa macho inaweza kuwa nayo, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Kwa hiyo neno tunalochagua lisiwape watu matumaini ya uongo.

Mimi napendekeza "sumu ya kuvu". Kuvu ndiyo inayoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na sumu ndiyo inayoachwa ndani. Watanzania wameyaunganisha wakasema "sumukuvu", neno zuri, lakini kwetu bado ni geni kidogo. Tukishaandika "sumu ya kuvu" mara ya kwanza, tuongeze kwamba ndiyo inayoitwa aflatoksini, kwa sababu mkulima atalisikia jina hilo redioni na kwa mnunuzi wa nafaka.

Sasa ile bilioni. Gunia la kilo 90 lina punje kama laki tatu. Ukipiga hesabu, kiwango hicho ni sawa na uzito wa punje moja ya mahindi uliogawanywa katika magunia 330 hivi. Mfano huu una hatari yake: msomaji anaweza kudhani tunazungumzia punje moja mbovu. Lazima tuseme wazi kuwa ni uzito wa sumu yenyewe, na kwamba hauwezi kupimwa kwa macho.

Anachoweza kupima mwenyewe nyumbani ni ukavu. Atie chumvi kavu na kiasi cha mahindi katika chupa kavu, aifunge, aitikise, kisha aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi mno kuwekwa ghalani. Sentensi hiyo naitaka kwenye ukurasa wa kwanza.

Kabla ya kuchapisha, kila msimamizi wa wadi amsomee rasimu mkulima mmoja. Asimuulize, "Umeelewa?" maana kwa heshima atajibu ndiyo. Amuulize, "Haya mahindi utayafanyaje?" Akijibu kwamba atayaosha, turudishieni rasimu.