Mbwa Wawili, Upele wa Aina Mbili

Leo tunazungumza juu ya upele wa mbwa, ule unaomnyonyoa manyoya na kumwacha na ngozi yenye magamba. Tumezoea kuuita kwa jina moja, lakini ni magonjwa mawili. Yanaletwa na wadudu wawili tofauti jamii ya utitiri, wasioonekana kwa macho matupu. Matibabu yake hayafanani, na ndiyo maana mhudumu wa mifugo hukwangua ngozi kabla ya kutoa dawa.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye mbwa wawili. Jike mzima wa kilo 10 anajikuna usiku kucha. Kingo za masikio yake zina magaga, viwiko havina manyoya, na watoto wa nyumba wanaomkumbatia wametokwa vipele mikononi na tumboni. Mwanawe, mwenye umri wa miezi 5, ana kipara kidogo juu ya jicho na kingine mguuni. Huyu hajikuni, anakula na kucheza kama kawaida.

Mhudumu anaanza na huyu mdogo. Anabana ngozi ya kipara kwa vidole, kisha anaikwangua kwa wembe butu uliopakwa mafuta mpaka damu kidogo ichuruzike. Utitiri anaoutafuta unakaa ndani, kwenye vitundu vya manyoya. Chini ya hadubini anaona wadudu wengi warefu wenye umbo la sigara, na miguu mifupi upande wa mbele. Hawa ni Demodeksi. Mtoto huwapata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, na mbwa wengi wenye afya wanao wachache. Huzidi pale kinga ya mwili inaposhindwa kuwazuia. Hawaambukizi watu.

Kwa vipara viwili tu, mhudumu hatoi dawa ya Demodeksi. Anasema arudishwe baada ya wiki 4, kwa sababu wengi wa umri huo hupona wenyewe. Vikienea mwilini, hapo ni dawa kwa wiki nyingi, na haiachwi manyoya yanapoota. Inaachwa baada ya kukwangua mara mbili, mwezi mmoja kati yake, bila kuona mdudu hata mmoja. Usikubali achomwe sindano ya kutuliza muwasho kama prednisoloni au deksamethasoni. Zinashusha kinga, na Demodeksi huongezeka.

Sasa mama. Hapa mhudumu anakwangua juu juu, eneo pana, kwenye kingo za masikio na viwiko, sehemu kama 10. Anatafuta mdudu wa duara, Sakoptesi, au hata yai lake moja. Anakosa vyote. Je, mbwa hana upele? Hapana. Wadudu hawa huwa wachache, na katika mbwa wengi wenye ugonjwa hawaonekani kwenye kioo. Mhudumu anasugua ukingo wa sikio kwa vidole, na mguu wa nyuma wa mbwa unaanza kujikuna wenyewe. Ukiongeza muwasho ule na vipele vya watoto, inatosha kutibu.

Dawa ni ivamektini. Kipimo chake ni miligramu 0.2 kwa kila kilo, kwa hiyo jike huyu anahitaji miligramu 2. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Hivyo anachomwa mililita 0.2 chini ya ngozi, na anarudiwa baada ya wiki 2. Ukimchoma mililita nzima umempa mara tano. Mbwa aliyezidishiwa hupepesuka, hutokwa udenda, hutetemeka, na anaweza kufa. Mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchunga kondoo, wasipewe kabisa. Kwa hiyo kazi hii mwachie mhudumu, na mbwa apimwe uzito kwanza.

Sakoptesi huambukiza, kwa hiyo mbwa wote waliolala pamoja wanatibiwa siku moja, hata asiyejikuna. Yule mdogo naye atachomwa kwa uzito wake, kwa sababu ya ugonjwa wa mama. Hiyo haitibu vipara vyake, na baada ya wiki 4 bado atarudi kukaguliwa. Magunia na matambara ya kulalia yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Vipele vya watoto hupungua mbwa akishatibiwa, kwa sababu utitiri huu hauzaliani kwa binadamu. Vikiendelea baada ya wiki chache, wapeleke zahanati, huenda ni upele wa watu. Na ile oili chafu ya gari usimpake mbwa. Anailamba, na sumu inaingia tumboni.

Ukimpeleka mbwa wako, muulize mhudumu: umeona utitiri wa aina gani? Akisema hajaona kitu, mweleze mbwa anajikuna kiasi gani, na nani mwingine nyumbani anawashwa.