Shutuma Isikike Kwanza: Mswada wa Video ya Kurejesha Itibari



Mwezi wa Aprili, 2009, wafanyakazi wawili wa tawi moja la kampuni ya pizza iitwayo Domino's, huko Carolina ya Kaskazini, walijirekodi wakikichezea chakula kwa namna ya kutia kinyaa, na video yao ikaenea YouTube. Na baada ya siku chache Bwana Patrick Doyle, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo kwa upande wa Marekani, alitokea naye kwa video, akaomba radhi, akaeleza kwamba wawili hao wamekwisha fukuzwa. Maneno yake yalikuwa timamu, wala sioni la kuyatoa. Ila macho yake yalielekea pembeni mwa kamera, mithili ya mtu asomaye waraka, na hilo ndilo lililozungumzwa na wengi.

Mwisho wa mwaka uo huo kampuni ile ile ilitoa filamu fupi ya namna nyingine. Safari hii iliyolaumiwa ilikuwa pizza yenyewe, kwamba mkate wake ni kama boksi na mchuzi wake kama tomato sosi. Nao, badala ya kuyafunika maneno hayo, waliwaacha wateja wayaseme mbele ya kamera, wakawaonyesha wapishi wakiyasikiliza, kisha ndipo wakaeleza walivyobadili mkate, mchuzi na jibini. Katika robo ya kwanza ya 2010 mauzo ya matawi yao ya Marekani, yaliyokuwa wazi tangu mwaka wa nyuma, yalipanda kwa asilimia 14.3. Sidai kwamba filamu ndiyo sababu pekee: chakula kilibadilika kweli, na lau kisingalibadilika, filamu ile ingalikuwa shutuma ya pili.

Sasa niwaeleze la karibu zaidi. Mama mmoja mwenye mkahawa alinijia na mswada wake, baada ya mteja kuandika hadharani kwamba alingojea biriani muda wa saa moja na nusu, ikaja baridi, na mhudumu akamcheka. Mswada ulianza hivi: "Tunasikitika endapo kuna mteja aliyekwazika, tumewahudumia kwa uaminifu miaka mingi." Hilo "endapo" latilia shaka jambo ambalo mteja amekwisha kuliapia, na hiyo "miaka mingi" yamfanya mlalamikaji aonekane mtu mwenye chuki. Isitoshe, mwishoni aliahidiwa chakula cha bure, jambo linalofaa kufanywa faraghani, kwani likitamkwa hadharani watazamaji hudhani ni fedha ya kumnyamazisha.

Tulikaa jioni nzima tukaandika upya, maneno 120 hivi, yawezayo kusemwa bila haraka kwa dakika moja na nusu. Alianza kwa kuyasoma maneno ya mteja yote, pamoja na lile la kuchekwa, bila ya kulitaja jina lake. Kisha akasema: "Ni kweli. Ijumaa ile mtungi wa gesi uliisha, likabaki jiko moja, nasi tukaendelea kupokea wateja bila ya kuwaambia. Habari ya kuchekwa, mimi sikuwapo, wala siwezi kuikanusha. Mhudumu ni wangu, na lawama ni yangu." Hapo kamera ikageukia mtungi wa akiba uliokwisha kununuliwa, na kibao kipya mlangoni kinachotaja muda wa kungoja. Hakusema "tutanunua", tulingoja siku mbili ili aweze kusema "tumenunua," na kungoja huko kulikuwa na faida kuliko sentensi yoyote niliyomwandikia. Mhudumu hakuonyeshwa, maana kumtoa mnyonge hadharani humwongezea mwajiri aibu. Na kwa ajili ya macho, mama yule alikariri mambo manne tu, si mswada mzima, akayasema kwa lafudhi yake huku akiitazama kamera.

Dawa hii haifai kila ugonjwa. Shutuma iliyosomwa na watu wachache hujibiwa kwa maandishi pale pale ilipotolewa, kwani video huwapelekea habari hata wasioijua. Na palipo na madai ya kuumwa au kesi, wakili autazame mswada kwanza. Namna ya kujua kama video imefeli ni kuyasoma maoni ya watazamaji: wakiuliza jambo lililokuwamo katika shutuma lakini halimo katika majibu yako, basi ujue uliliruka, nao wameliona.

Baadhi yenu mmekuja na miswada yenu. Nawasihi, kabla hatujakwenda kunywa chai, kila mmoja aufungue wa kwake, alitafute neno "endapo," alifute.