Nguo za Mtoto Mchanga: Nunua Chache, Nunua Sawasawa

(Maandishi ya mazungumzo na akina mama wajawazito na familia zao, Gachoka, Mbeere Kusini)



Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Sista, ninunue nguo ngapi?" Jibu hutegemea siku ambazo nguo huchukua kufuliwa na kukauka nyumbani kwako. Tuchukue mama anayetarajia mtoto mwezi wa Julai. Maji anateka mbali, kwa hivyo anafua kila baada ya siku mbili. Mtoto mchanga hucheua na kulowesha nguo, basi tuhesabu nguo tatu kwa siku. Siku mbili ni nguo sita. Julai kuna baridi na mawingu, nguo hazikauki upesi, kwa hivyo aongeze mbili. Jumla ni nane. Mama wa Januari, jua likiwa kali na nguo zikikauka kabla ya saa sita, sita zinamtosha.

Nepi za kitambaa huhesabiwa vivyo hivyo. Mtoto hutumia nane hadi kumi kwa siku, hivyo siku mbili ni kama ishirini. Dazeni mbili zinatosha na kubakisha chache za akiba. Ongeza boshori mbili, soksi jozi tatu, sweta mbili na shali mbili. Basi.

Sasa saizi. Hapa ndipo pesa hupotea. Mtoto wa kilo tatu hupungua kidogo siku za kwanza, kisha hurudia uzani wake katika wiki mbili hivi. Baada ya hapo huongeza kama gramu 200 hadi 300 kila wiki. Akifika miezi miwili anakaribia kilo nne na nusu au tano, na zile nguo ndogo kabisa hazimwingii tena. Kwa hivyo, kati ya zile nane, mbili tu ziwe za saizi ndogo kabisa. Sita ziwe za miezi sifuri hadi mitatu, ukunje mikono mwanzoni. Lebo ikionyesha kilo, fuata kilo kuliko miezi. Ikiwa kliniki imekuambia unatarajia mapacha, ongeza zile ndogo, kwa kuwa mapacha wengi huzaliwa wadogo.

Mkifika sokoni, msiangalie maua na picha. Pindueni nguo nje ndani, kwa kuwa upande huo ndio unaogusa ngozi. Pitisha mshono kwenye shavu lako; ukikukwaruza, utamkwaruza mtoto. Picha ya kudariziwa huwa laini mbele na ngumu kwa nyuma. Pamba hunyonya jasho. Ukidondosha tone la maji kwenye nguo nzee ya pamba, hulinywa. Nailoni mara nyingi huliacha likiteleza juu. Nguo mpya inaweza kuwa na dawa ya kiwandani na isinywe maji hadi ifuliwe, kwa hivyo hiyo isome lebo. Mitumba ya pamba ni mizuri kwa sababu imeshafuliwa mara nyingi ikalainika. Ifue tena kwa sabuni, ianike juani na uipige pasi.

Vifungo tuvikague kwa vidole. Vuta kila kifungo kwa nguvu. Kikilegea, kishone upya au ukitoe, maana mtoto anaweza kukimeza kikamkaba. Kamba na utepe wa shingoni kata kabisa. Nguo inayofunguka mbele kwa vifungo vya kubonyeza ni bora kuliko ya kupitisha kichwani, kwa sababu shingo ya mtoto bado haijakaza. Ukitumia pini kwenye nepi, iwe ya kufungika, na weka mkono wako kati ya pini na tumbo unapoifunga. Nepi ikunjwe chini ya kitovu ili kitovu kikae wazi na kikauke.

Soksi nazo zipindue. Uzi uliolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu. Mtoto akilia bila kunyamaza, mvue soksi umwangalie vidole. Kidole kikiwa kimevimba na kuwa chekundu au cha buluu, na uzi hautoki kwa urahisi, mlete kituoni mara moja.

Mwisho, kuhusu baridi. Nyanya zetu hupenda kumfunika mtoto sana. Mvishe safu moja zaidi ya unazovaa wewe, kisha gusa kifua au kisogo chake. Mikono yake huweza kuwa baridi bila shida yoyote. Kisogo kikiwa na jasho, punguza safu moja. Kifua kikiwa baridi, mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mfunikwe pamoja kwa shali. Akikaa baridi, au akikataa kunyonya, msingoje asubuhi. Njooni.