Unga Mweupe Mkobani: Kreatini na Wachezaji Wetu Vijana

Ifuatayo ni hotuba ya mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari ya kata, aliyoitoa katika mkutano wa wazazi na walezi.

Nimeombwa kuzungumzia maandalizi ya UMISSETA, lakini kwa ruhusa yenu nitautumia muda wangu wote kuzungumzia kitu kimoja kilichopatikana katika mkoba wa mchezaji wetu. Kilikuwa unga mweupe, usio na harufu, uliofungwa katika mfuko wa plastiki usio na maandishi. Unga huo huitwa kreatini.

Kijana mwenyewe ni winga wa timu yetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mama yake amenipa idhini ya kusimulia habari hii, mradi nisimtaje jina.

Mwanzoni mwa muhula nilimpima uzito nikaona kilo 54. Baada ya siku 8 nilimpima tena, mizani ikasoma kilo 56. Nilimsifu mbele ya wenzake, nikasema, "Tazameni, huyu anafanya mazoezi." Nakiri kwamba hapo nilikosea. Hakuna kijana anayejenga kilo 2 za misuli kwa siku 8, na mimi niliyesomea michezo nilipaswa kuuliza kabla ya kusifu. Wiki iliyofuata wenzake wawili walikwisha kuchangishana fedha ili nao wanunue unga ule ule.

Sasa niwaeleze kilo zile 2 zilikuwa nini. Kreatini si kitu kigeni mwilini. Figo na ini hushirikiana kuitengeneza, takriban gramu 1 kwa siku, na kiasi kingine tunakipata katika nyama na samaki. Sehemu yake kubwa huhifadhiwa katika misuli, na kazi yake ni kurudisha upesi nguvu inayotumika katika jitihada fupi na kali, kama vile winga anapochomoka ghafla kuukimbilia mpira kwa sekunde chache. Mtu akila unga wake kwa wingi, misuli hujaa kreatini, nayo huvuta maji na kuyashikilia humo. Kwa hiyo uzito unaoongezeka katika wiki ya kwanza ni maji kwa sehemu kubwa. Kijana akitazama kioo huona mkono umejaa, akadhani amekua.

Sitaki kuwatisha kwa uongo. Kreatini si steroidi, wala haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Kwa watu wazima wenye afya imechunguzwa kwa miaka mingi, na kipimo cha kawaida cha gramu 3 hadi 5 kwa siku hakijaonekana kuwadhuru. Huwasaidia kiasi wanyanyua vyuma na wakimbiaji wa mbio fupi. Mkimbiaji wa mbio ndefu hanufaiki nayo sana, na pengine uzito ule wa maji humlemea. Lakini kwa watoto walio katika umri wa kukua uchunguzi uliofanyika ni mchache, na kwa sababu hiyo madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, hawashauri vijana waitumie. Msimamo wangu ni huo huo: aliye chini ya miaka 18 asiitumie kwa ajili ya mpira wa shule.

Kijana wetu alikuwa akitumia kiasi gani? Nilimwomba achote kama anavyochota nyumbani. Alichukua kijiko cha kulia, akakijaza mpaka kikafanya kilima. Tuliupima unga ule kwenye mizani ya maabara yetu, tukapata gramu 14. Alikuwa akila vijiko viwili kila siku, yaani gramu 28. Hakuwa na mtu wa kumwelekeza. Muuzaji alimwambia tu kwamba kadiri anavyokula zaidi ndivyo atakavyopata nguvu zaidi, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa misuli ikishajaa, kinachozidi hutoka kwa mkojo. Na kiasi kikubwa kikiingia kwa mara moja, tumbo huvurugika.

Ndivyo ilivyotokea. Katika wiki ya tatu aliharisha, akapelekwa kituo cha afya. Daktari akapima damu na kukuta kipimo kiitwacho kreatinini kimepanda. Kreatinini ni taka inayotokana na kreatini, nayo hutolewa na figo; ikizidi katika damu, daktari huwa na haki ya kuhofia kwamba figo zimeshindwa kazi. Mama yake alilia usiku ule. Kijana naye alinyamaza, kwa kuogopa adhabu, mpaka siku ya pili alipoutoa unga. Hapo daktari alieleza kwamba anayekula kreatini nyingi huweza kupandisha kipimo hicho bila figo kuwa na ugonjwa, na kuharisha nako kukiupunguzia mwili maji huweza kukipandisha. Alimwamuru aache kabisa, anywe maji ya kutosha, arudi baada ya wiki 6. Kipimo kilirejea mahali pake. Uzito nao ulishuka mpaka kilo 54 na nusu.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mtoto akipelekwa hospitali, mtajieni daktari kila unga na kila kidonge anachotumia. Na ikiwa mtoto ana ugonjwa wa figo, jambo hili si la kusubiri hata siku moja.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni mfuko ule usio na maandishi. Mimi nimewaeleza habari za kreatini, kumbe sina hakika kwamba mfukoni mlikuwa na kreatini tupu. Unga uliofunguliwa na kufungwa upya dukani hauna jina la mtengenezaji, hauna tarehe ya kuisha muda, na huenda umechanganywa na vichocheo ambavyo hata mnunuzi hakuviomba. Wanamichezo wakubwa duniani wamefungiwa kwa sababu ya virutubisho vilivyochanganywa namna hiyo.

Nilipomuuliza kijana fedha alizipata wapi, alisema ni nauli yake na ile aliyopewa ya chai ya asubuhi. Alikuwa akitembea kwa miguu kuja shule bila kutia kitu kinywani, kisha jioni anakuja mazoezini. Winga wangu alikuwa na njaa, nami nilidhani anakosa pumzi. Tulimrudishia uji wa asubuhi wenye karanga, na mchana ugali kwa maharage au dagaa. Tulimpa siku 2 za mapumziko kila wiki. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa na kilo 55 na nusu, na safari hii hazikuja kwa siku 8.

Kuanzia Jumatatu nitawapima wachezaji wote kila baada ya wiki 2, na atakayeongezeka zaidi ya kilo 1 kwa wiki moja nitamwita pamoja na mzazi wake tuzungumze. Mwenye unga nyumbani auletee ofisini kwangu, tena katika mfuko wake ule ule alionunulia. Hataadhibiwa.

Sasa nipo tayari kupokea maswali, nikianza na mama aliyenyoosha mkono pale nyuma.